Namna ya kuandika ripoti ya jaribio la mzigo kwa slabu yenye mashaka

Majibu ya kyubu za zege za siku 28 yamerudi kutoka maabara na namba ziko chini. Slabu imeshamwagwa, mirunda imeshatolewa, na mwenye jengo anauliza swali moja: tuvunje au tuendelee? Hapo ndipo mtu anapotaja jaribio la mzigo. Mwongozo huu unahusu ripoti ya jaribio hilo: nini kiandikwe kabla ya kupakia, mnepo upimwe na kuhukumiwa vipi, na hitimisho liseme nini bila kuvuka mpaka wa kilichopimwa. Mnepo ni kiasi ambacho slabu inashuka katikati inapobebeshwa mzigo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni slabu ya darasa katika jengo la ghorofa moja, unene mm 150, spani ya mwisho ya m 4.0 kutoka boriti hadi boriti, na upana wa m 8.0. Nondo za chini ni za mm 10 kila mm 200. Michoro inataka zege la 25 N/mm², lakini kyubu zilitoa kati ya 15 na 19, na vipande vilivyokatwa kwenye slabu yenyewe vikathibitisha wastani wa 17. Tutafuata BS 8110 sehemu ya pili, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege. Uingereza iliiacha rasmi mwaka 2010, ila michoro mingi ya majengo yetu ilichorwa kwayo, na jengo hupimwa kwa kanuni iliyolichora.

Hatua ya 1: Fanya hesabu kabla ya kufikiria maji na mifuko

Ripoti nyingi zinaruka hatua hii na kuanza na picha za saiti. Ni kosa, kwa sababu hesabu ndiyo inayokuambia jaribio litajibu swali gani.

Chukua slabu yetu. Kwa zege la 25, uwezo wake wa kubeba mpindo katikati ni takriban 19.3 kNm kwa kila mita ya upana. Rudia hesabu ileile kwa zege la 17 na unapata takriban 18.7. Zege limepoteza karibu theluthi ya nguvu yake, lakini uwezo wa mpindo umepungua kwa asilimia 3 tu. Sababu ni kwamba katika slabu yenye nondo chache, nondo ndizo zinazoamua. Zege la juu lina kazi ya kubana tu, na likiwa dhaifu linahitaji kina kikubwa kidogo kuliko awali kufanya kazi hiyohiyo.

Kwa upande wa mkato karibu na boriti, uwezo wa zege unashuka kwa takriban asilimia 12. Kwa nguzo hali ni nyingine kabisa, maana sehemu ya mzigo inayobebwa na zege inashuka sambamba na nguvu ya zege, yaani karibu theluthi nzima.

Maana yake ni hii: slabu kama yetu ina nafasi kubwa ya kufaulu jaribio hata kama zege lake ni baya. Kufaulu huko ni kwa kweli, lakini ni kwa slabu. Ikiwa zege la siku ileile lilimwagwa pia kwenye nguzo, jaribio la slabu halizisafishi nguzo hizo hata kidogo. Liandike jambo hili kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, mahali ambapo mwenye jengo hawezi kulikosa.

Kabla ya kwenda mbele, hakikisha nondo zipo kama zilivyochorwa. Pitisha mashine ya kutambua nondo, kisha chimba sehemu mbili tatu uone kipenyo kwa macho. Nimeshaona slabu zilizoshtakiwa kwa sababu ya zege wakati tatizo lake lilikuwa nondo za juu zilizokanyagwa na mafundi siku ya kumwaga zikalala katikati ya unene. Hilo ni suala jingine, na jaribio lake hupangwa tofauti.

Hatua ya 2: Tafuta mzigo wa jaribio

BS 8110 inataka uchague mzigo mkubwa kati ya miwili. Gk ni mzigo wa kudumu na Qk ni mzigo wa matumizi:

```
W1 = Gk + 1.25 Qk
W2 = 1.125 (Gk + Qk)
```

Uzito wa slabu yenyewe ni 3.6 kN/m². Sakafu na lipu ya dari, ambazo bado hazijawekwa, ni 1.5. Kwa hiyo Gk ni 5.1. Qk ya darasa ni 3.0. W1 inatoa 8.85 na W2 inatoa 9.11, hivyo tunachukua 9.11 kN/m². Slabu tayari inajibeba yenyewe, kwa hiyo tunatoa 3.6 na kubaki na 5.51 za kuongeza. Wengi hukosea hapa kwa kusahau sakafu na lipu. Kama hazijawekwa, uzito wake lazima uingie kwenye mzigo wa kuongeza, la sivyo umejaribu jengo ambalo halitakuwepo.

Kwa maji, 5.51 kN/m² ni kina cha mm 562. Tunaweka mm 565, sawa na 5.54 kN/m². Kwa eneo la m² 32 ni takriban lita 18,000, yaani maboza mawili ya lita 10,000 na kidogo kitabaki.

Napendelea maji kuliko mifuko ya saruji. Kufikia mzigo huuhuu kwa mifuko ya kilo 50 utahitaji mifuko karibu 360, na mifuko iliyopangwa ikigusana hujishikilia yenyewe kwa yenyewe: slabu inaposhuka katikati, rundo linajitengenezea tao na kupeleka uzito kwenye kingo. Geji za kupimia mnepo zitasoma namba ndogo na utafurahi bure. Ukilazimika kutumia mifuko, ipange kwa mafungu yenye nafasi kati yake, nafasi hizo zikatize spani.

Maji nayo yana mtego wake, nao ni ukuta wa bwawa. Ukijenga tofali kwa saruji kuifuata spani ya m 4.0, ukuta huo unakauka na kuwa boriti. Unaishikilia slabu unayotaka ishuke. Kwa pande hizo mbili tumia mifuko ya mchanga au fremu za mbao zilizokatwa vipande, kisha tandika nailoni nzito juu. Pande nyingine mbili ziko juu ya boriti, huko ukuta wa tofali hauna neno.

Hatua ya 3: Andika vigezo kabla ya tone la kwanza

Vigezo viandikwe, visainiwe na mhandisi, mkandarasi na mwakilishi wa mwenye jengo, na nakala iwekwe ndani ya ripoti ikiwa na tarehe ya kabla ya jaribio. Kigezo kilichoandikwa baada ya kuona namba si kigezo tena. Kwa slabu yetu viko vinne.

Cha kwanza ni ukubwa wa mnepo. Hesabu inaonyesha kwamba kwa maji yote, slabu isiyo na ufa ingeshuka mm 1.9, na iliyopasuka kote ingeshuka karibu mm 15. Slabu halisi huwa katikati. Kwa kuzingatia kwamba imepasuka sehemu tu, makadirio ni takriban mm 8, ambayo pia ni spani kugawanya kwa 500. Tunaweka kikomo mm 8.

Cha pili ni kurudi. Mzigo ukiondolewa, slabu irudi angalau asilimia 75 ya mnepo wake. Jaribio lifanywe mara mbili, kukiwa na saa moja au zaidi kati yake, na kurudi kwa mara ya pili kusiwe chini ya kurudi kwa mara ya kwanza. Sharti hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Mara ya kwanza slabu hupoteza kitu kwa sababu nyufa zinafunguka na egemeo zinakaa sawa. Mara ya pili mambo hayo yameshatokea. Kama bado inapoteza, kuna kitu kinaendelea kuachia, aidha nondo zinavuka kiwango chake au zinateleza ndani ya zege.

Cha tatu ni nyufa. Zisizidi mm 0.3, na kusiwe na ufa wa mshazari karibu na boriti. Cha nne ni kwamba mnepo utulie mzigo unapokuwa umesimama.

Usichanganye kanuni. ACI 318 ya Marekani ina kikomo chake cha spani mraba kugawanya kwa 20,000 mara unene, ambacho kwa slabu yetu kinatoa mm 5.3, na mnepo ukiwa chini ya hapo slabu inakubalika bila kuangalia kurudi. Linavutia, lakini mzigo wa ACI ni 1.15 ya mzigo wa kudumu na 1.5 ya mzigo wa matumizi, yaani 10.37 kN/m² kwa slabu hii, si 9.11. Anayechukua mzigo mwepesi wa kanuni moja na kigezo chepesi cha kanuni nyingine ameandika ripoti isiyofuata kanuni yoyote.

Hatua ya 4: Geji na usalama wa chini

Chini ya slabu kunakuwa na miundo miwili isiyogusana. Wa kwanza ni mirunda ya usalama, yenye uwezo wa kubeba slabu pamoja na maji yote, iliyoachiwa nafasi ya kama mm 25 chini ya slabu. Nafasi ikiwa ndogo mno slabu itaegemea mirunda na jaribio limekufa. Ikiwa kubwa mno, slabu ikianguka itakuwa imeshapata kasi. Wa pili ni fremu nyepesi ya kushikilia geji, yenye miguu yake mwenyewe. Geji iliyofungwa kwenye mirunda ya usalama inasoma mambo mawili kwa pamoja na haina faida.

Weka geji tatu kwenye mstari wa katikati ya spani, na moja chini ya kila boriti. Boriti nazo hushuka. Kwenye mfano wetu geji ya katikati ilisoma mm 4.4 na za boriti zikasoma wastani wa mm 0.4, hivyo mnepo wa slabu ni mm 4.0. Ripoti itoe namba zote tatu, isitoe tofauti peke yake.

Ongeza geji moja ya kulinganishia kwenye slabu isiyopakiwa, kwa ajili ya joto. Slabu iliyopigwa na jua la mchana husogea hata bila mzigo. Usiiweke kwenye spani ya jirani, kwa sababu spani hiyo inaungana na unayoipakia na itainuka kidogo wewe ukishusha hii. Iweke mbali, na usomaji muhimu ufanye alfajiri.

Hatua ya 5: Kupakia na kusoma

Jaza kwa hatua nne. Baada ya kila hatua subiri dakika tano, soma geji, na pima kina cha maji kwenye pembe nne na katikati, maana slabu nyingi haziko sawa na tofauti ya mm 30 ni zaidi ya asilimia 5 ya mzigo. Mtu mmoja achore grafu palepale, asingoje ofisini. Haya ndiyo matokeo ya mfano wetu, mnepo wa boriti ukiwa umeshatolewa kwenye hesabu:

| Kina cha maji (mm) | Mzigo (kN/m²) | Mnepo mara ya 1 (mm) | Mnepo mara ya 2 (mm) |
|---|---|---|---|
| 140 | 1.37 | 0.6 | 0.7 |
| 280 | 2.75 | 1.3 | 1.5 |
| 420 | 4.12 | 2.5 | 2.4 |
| 565 | 5.54 | 4.0 | 3.4 |
| Baada ya kutoa maji | 0 | 0.9 | 0.3 |

Angalia safu ya mara ya kwanza. Hatua ya pili iliongeza mm 0.7, ya tatu ikaongeza 1.2. Hapo ndipo slabu ilipopasuka, na aliyekuwa chini na tochi aliona nyufa nyembamba za mm 0.1 zikitokea katikati ya spani. Hilo lilitarajiwa kwenye hesabu na si dalili ya kuogopesha. Mara ya pili mstari karibu umenyooka, kwa sababu nyufa zilikuwepo tayari. Grafu ingepinda tena mara ya pili, ningesimamisha kazi. Ningesimamisha pia kama geji ingeendelea kutembea dakika hadi dakika maji yakiwa yametulia, au ufa wa mshazari ungetokea karibu na boriti. Ufa huo hautoi onyo refu, na hakuna anayepaswa kuwa chini ya slabu wakati maji yanaongezwa. Macho yanaingia maji yakiwa yamesimama tu.

Tuliongeza na mara ya tatu, maji yakaachwa saa 24. Mnepo ulifika mm 3.9 na kutulia, na ulibaki mm 0.4 baada ya kutoa maji.

Hatua ya 6: Hesabu ya kurudi

```
Kurudi (%) = (mnepo wa juu - mnepo uliobaki) / mnepo wa juu x 100
```

Mara ya kwanza: (4.0 − 0.9) / 4.0 = asilimia 77.5. Mara ya pili: (3.4 − 0.3) / 3.4 = asilimia 91. Zote zimevuka 75, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Kuwa makini na sifuri. Kila mzunguko una sifuri yake, inayosomwa kabla tu ya kuanza kupakia. Ukiutumia mwanzo wa mzunguko wa kwanza kuhesabia wa pili, mnepo wa juu unakuwa mm 4.3 na uliobaki mm 1.2, na unapata asilimia 72: slabu nzima umeifelisha kwa hesabu. Ripoti iseme wazi sifuri ilichukuliwa lini na joto lilikuwa kiasi gani.

Kuna hali nyingine ya kuangalia. Slabu nene na fupi inaweza kushuka mm 0.5 tu. Hapo kosa la geji na la joto linaweza kuwa mm 0.1 hadi 0.2, na asilimia ya kurudi haina maana tena. BS 8110 yenyewe inadai kurudi pale ambapo mnepo ni mkubwa wa kutosha kuhesabika. Ukikutana na hali hiyo andika kwamba mnepo ulikuwa mdogo mno, umelinganishwa na hesabu, na kigezo cha kurudi hakikutumika. Usilazimishe namba.

Hatua ya 7: Hitimisho

Kabla ya kuandika, pima mzigo uliojaribiwa dhidi ya mzigo wa mwisho wa usanifu. Kwa BS 8110 huo ni 1.4 ya mzigo wa kudumu na 1.6 ya mzigo wa matumizi, yaani 11.94 kN/m². Sisi tumefika 9.14, takriban asilimia 77. Jaribio limeonyesha kwamba slabu inabeba mzigo wake wa matumizi na ziada. Halijaonyesha akiba yote ya usalama ambayo kanuni inadai. Sehemu iliyobaki inathibitishwa na hesabu ya hatua ya kwanza, ile ya 18.7 kNm, ikilinganishwa na mpindo wa mwisho wa takriban 16.4. Ndiyo maana hesabu na jaribio vinaingia kwenye hitimisho moja, kila kimoja kikibeba sehemu yake.

Kwa mfano wetu ningeandika hivi:

"Spani ya mwisho ya slabu ya ghorofa ya kwanza, kati ya boriti mbili zilizoonyeshwa kwenye mchoro, ilijaribiwa kwa mzigo wa jumla wa 9.14 kN/m². Mnepo wa juu ulikuwa mm 4.0, chini ya kikomo cha mm 8. Kurudi kulikuwa asilimia 77.5 mara ya kwanza na asilimia 91 mara ya pili, juu ya asilimia 75 inayotakiwa. Nyufa hazikuzidi mm 0.1 na hakuna ufa wa mshazari ulioonekana. Kwa vigezo vilivyokubaliwa kabla ya jaribio, na kwa hesabu iliyofanywa kwa zege la 17 N/mm², spani hii inakubalika kwa matumizi ya darasa yasiyozidi 3.0 kN/m². Hitimisho hili halihusu nguzo, boriti, wala spani nyingine ambazo hazikujaribiwa. Zege halikufikia 25 N/mm² na jaribio halibadilishi ukweli huo."

Sentensi ya mwisho ndiyo wakandarasi huomba iondolewe. Ibaki. Zege la 17 hupitisha maji na hewa ya chumvi kwa urahisi zaidi, na kwa jengo lililo karibu na bahari nondo zitaanza kutu mapema hata kama mnepo wa leo ni mzuri. Kwa hiyo hitimisho lifuatiwe na sharti: uso wa chini upigwe lipu nzito au rangi ya kuzuia unyevu, na ukaguzi wa nyufa na kutu upangiwe ratiba. Spani nyingine za mmwago uleule zihukumiwe kwa vipande vilivyokatwa humo. Kama namba zake ziko chini ya 17, nazo zinahitaji jaribio lake.

Slabu ikifeli, usiandike "irudiwe" bila maelezo. Taja kigezo kipi kimevunjwa. Ikiwa ni kurudi pekee na mnepo ni mdogo, mwenye jengo anaweza kushusha matumizi, mfano kutoka darasa hadi chumba cha kulala chenye 1.5 kN/m², na hesabu ya mzigo ianze upya toka hatua ya pili. Ikiwa ni ufa wa mshazari au mnepo usiotulia, mirunda ipandishwe hadi iguse slabu siku hiyohiyo, eneo lifungwe, na ripoti ya awali ya ukurasa mmoja imfikie mwenye jengo na mamlaka ya ujenzi kabla ya ile kamili kukamilika.